Safu Isiyotakiwa na Kiolezo

"Mwanangu, hizi hesabu zako zimenitajirisha na mimi mwenyewe sina habari," aliniambia mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Kisauni, Mombasa. Mkono mmoja alishika simu, mwingine karatasi niliyomchapishia. Karatasi ilisema kwamba mwisho wa Machi akaunti yake ya M-Pesa ilikuwa na shilingi 96,140. Simu ilisema 71,283.

Nikaiamini simu. Salio la simu ni pesa unazoweza kuzitoa kwa wakala sasa hivi, ilhali salio la vitabu ni kazi ya mtu aliyejumlisha na kutoa, na mtu huyo nilikuwa mimi. Tofauti ilikuwa shilingi 24,857. Jioni ile nilifanya anachofanya kila mtunza hesabu aliyebanwa: nikatafuta muamala wa 24,857. Haukuwepo. Nikaigawa kwa mbili, maana pesa iliyoandikwa upande usio wake huzaa tofauti mara mbili ya thamani yake. Nikapata 12,428 na senti hamsini, na Machi nzima mama yule hakuwa na muamala hata mmoja wenye senti.

Kujumlisha hakukuwa na kasoro. Tatizo lilianza kabla ya hapo, pale jedwali lililotolewa kwenye PDF lilipopangiwa safu ipi iende wapi. Wengi huiona hatua hiyo kuwa ya dakika mbili: hapa pameandikwa tarehe na kule wanataka tarehe, basi unavuta, unaachia, umemaliza. Nami niliifanya kwa dakika mbili.

Tuanze na taarifa yenyewe. Mwenye laini ya Safaricom akiomba taarifa ya M-Pesa hupokea faili ya PDF iliyofungwa kwa namba ya siri. Ndani yake, chini ya muhtasari, kuna jedwali lenye safu saba: `Receipt No.`, `Completion Time`, `Details`, `Transaction Status`, `Paid In`, `Withdrawn` na `Balance`. Muamala wa karibuni zaidi huwa juu, wa zamani zaidi huwa chini. Kwa macho ni jedwali safi kabisa. Lakini PDF ilibuniwa kwa ajili ya kuchapisha, na kwa kawaida haijui jedwali ni nini. Inachohifadhi ni amri za kuchora: weka herufi hizi umbali huu kutoka ukingo wa kushoto, umbali huu kutoka chini. Mistari inayotenganisha safu, kama ipo, ni michoro tu. Programu inayotoa jedwali humo, iwe Excel kupitia menyu yake ya `From PDF` au Tabula, ile ya bure iliyotengenezwa na waandishi wa habari, hulazimika kubahatisha safu zilipo kwa kutazama nafasi tupu kati ya maandishi.

Mara nyingi hubahatisha vizuri. Inapokosea, hukosea kwa namna zinazojirudia, na mbili kati ya hizo zinahusu habari yetu. Kwanza, maelezo marefu yaliyokunjwa mistari miwili kwenye ukurasa hugeuka kuwa mistari miwili ya jedwali, wa pili ukiwa hauna namba ya risiti wala pesa. Huo hauna hatari kubwa kwa sababu unaonekana. Ya pili ndiyo mbaya. Katika kila mstari wa taarifa hii, ama `Paid In` ina kitu na `Withdrawn` ni tupu, au kinyume chake. Programu inayotenganisha safu kwa nafasi tupu inaweza kuiona safu tupu kama nafasi ndefu tu, isiione kuwa ni safu. Hapo ikikuta pesa iliyotoka, huisogeza kushoto ikajaze pengo la pesa iliyoingia. Mstari unabaki nadhifu. Namba ni ileile, tarehe ni ileile, ila malipo yamekuwa mapato.

Mpwa wake mama ndiye aliyetoa jedwali, kwa kupakia taarifa kwenye tovuti fulani ya kubadilisha faili. Nilimwambia baadaye asirudie, na sababu ya kwanza haikuwa usahihi. Taarifa ile ina majina ya wateja na kiasi walicholipa, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Kazi hiyohiyo hufanyika ndani ya kompyuta yako bila faili kutoka nje ya mlango.

Sasa upande wa pili, yaani kiolezo. Tulikuwa tukitumia QuickBooks Online, ambayo kwa miamala ya benki hupokea faili ya CSV ya namna mbili. Namna ya kwanza ina safu tatu: `Date`, `Description`, `Amount`. Ya pili ina nne: `Date`, `Description`, `Credit`, `Debit`. Hakuna zaidi. Pesa ziandikwe bila alama ya sarafu na bila koma ya maelfu, penye sifuri paachwe patupu, na faili isizidi kilobaiti 350. Programu nyingine zina violezo vyake. Xero, kwa mfano, hulazimisha tarehe na kiasi tu, kisha hutoa nafasi ya hiari kwa jina la mlipwaji, maelezo na rejea. Kwa vyovyote vile, una safu saba mkononi na nyumba yenye vyumba vitatu au vinne.

Nilichagua vyumba vitatu, na bado ningechagua hivyo leo. Sababu ni maneno mawili yaliyowatesa wanafunzi wa uhasibu tangu zamani: debiti na krediti.

Benki inapokuandikia `Debit` kwenye taarifa yako, ina maana pesa zimetoka. Inasema hivyo kwa sababu taarifa ile ni ukurasa wa vitabu vyake yenyewe, na humo pesa zako ni deni inalodaiwa na wewe. Ukitoa pesa, deni linapungua, na kupungua kwa deni huandikwa upande wa debiti. Katika vitabu vyako mambo ni kinyume: akaunti ya benki ni mali yako, na mali ikiongezeka ndipo unapoandika debiti. Maneno ni yaleyale, muamala ni uleule, ila mnautazama kutoka pande mbili za kaunta.

Kiolezo cha safu nne cha kuingiza miamala ya benki hufuata lugha ya benki: `Credit` ni iliyoingia, `Debit` ni iliyotoka. Lakini kiolezo cha kuingiza jarida la hesabu, ambacho programu hizihizi huwa nacho, hufuata lugha ya vitabu vyako. Humo debiti kwenye akaunti ya benki huongeza salio. Anayeoanisha kwa kufananisha majina atachukua `Debit` ya taarifa na kuiweka kwenye `Debit` ya jarida, na vitabu vizima vitakaa kichwa chini miguu juu. Programu haitalalamika, maana jarida bado litalingana pande zote mbili. Ndiyo sababu napenda safu moja ya `Amount`, ambamo iliyoingia ni chanya na iliyotoka ni hasi. Alama ya kutoa haina pande mbili za kaunta.

Kutengeneza safu hiyo moja kutoka `Paid In` na `Withdrawn` kunaonekana rahisi: chukua ya kwanza, toa ya pili. Kuna mtego mdogo. Baadhi ya taarifa huandika pesa iliyotoka ikiwa tayari na alama ya kutoa, na nyingine huiandika bila alama. Ukitoa namba iliyo hasi, umeijumlisha, na kila malipo yatakuwa mapato. Mtego wa pili ni kwamba namba zilizotoka kwenye PDF mara nyingi si namba bali maandishi yanayofanana na namba. Utazitambua kwa kuwa zimeegemea kushoto mwa kisanduku. Kinachochanganya zaidi ni kwamba Excel hukubali kuzitoa moja kwa nyingine kana kwamba ni namba, lakini ukizijumlisha kwa `SUM` huzirukia kimya na kukupa sifuri au jumla pungufu.

Ikiwa safu saba zimekaa kuanzia A hadi G, kwa mpangilio ule wa taarifa, fomula hii kwenye H2 inashughulikia mitego yote miwili. Huondoa koma, hugeuza maandishi kuwa namba, na huitazama `Withdrawn` kwa ukubwa wake tu bila kujali alama:

```
=IF(E2="",0,VALUE(SUBSTITUTE(E2,",","")))-IF(F2="",0,ABS(VALUE(SUBSTITUTE(F2,",",""))))
```

Tarehe nayo ina mambo yake. Taarifa ya M-Pesa huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, siku na saa, na mpangilio huo hauna utata. Utata unaletwa na sisi tunapoibadilisha. Programu ya uhasibu itakuuliza wakati wa kupakia kama faili yako inaanza na siku au mwezi, nawe ujibu kulingana na faili ilivyo, si jinsi ulivyozoea kuandika. Hatari kubwa iko kwenye kompyuta iliyowekewa mipangilio ya Marekani. Ukihifadhi CSV yenye 05/03 ukimaanisha tarehe 5 Machi, kisha ukaifungua tena katika kompyuta hiyo, Excel itaisoma kuwa Mei 3, na ukiihifadhi upya mabadiliko yanaingia. Dalili yake ni ya kipekee: tarehe 1 hadi 12 zinatawanyika kwenye miezi ya mwaka mzima, na kuanzia 13 zinabaki maandishi, zikiegemea kushoto, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Ukiona Machi yako ina muamala wa Desemba, usiutafute muamala. Tafuta mpangilio wa kompyuta. Dawa niliyoizoea ni kwamba CSV ikishahifadhiwa, siifungui tena kwa Excel. Nikitaka kuikagua, naifungua kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, ambacho hakina ujuzi wa tarehe wala tamaa ya kunisaidia.

Kwenye `Description` ndipo nilipofanya kosa langu mwenyewe.

Kiolezo cha safu tatu hakina mahali pa namba ya risiti. Nikaona kwamba namba hiyo ina kazi moja tu, kuhakikisha muamala hauingii mara mbili, basi nikaitumia kwa kazi hiyo kisha nikaitupa. Excel ina kitufe cha kuondoa marudio. Nikaagiza kiangalie safu ya `Receipt No.`, kikaniambia kimeondoa mistari 14. Nilifurahi. Jedwali la mistari 212 likabaki na 198, nami nikajiona mtu makini.

Mistari ile haikuwa marudio hata mmoja. Mtu anapomtumia mwenzake pesa kwa M-Pesa, taarifa huandika mistari miwili: pesa yenyewe, na chini au juu yake ada ya kutuma. Mistari yote miwili hubeba namba moja ya risiti. Nilichofuta ni ada 14 za kutuma pesa kwa wauzaji wa jumla, shilingi 757 kwa jumla, ambazo ni gharama halali ya biashara ya mama yule.

Namba inayojirudia si ushahidi kwamba muamala umejirudia. Marudio ya kweli ni pale ambapo risiti, maelezo, kiasi na salio vyote vinafanana, na hayo hutokea hasa ukiunganisha taarifa mbili zilizopishana siku chache. Tangu siku ile siitupi tena namba ya risiti. Naiunganisha na maelezo, ili mtu akiuliza "hii ya nini?" miezi sita baadaye, nina kamba ya kuifuata hadi kwenye simu:

```
=A2&" "&C2
```

Kwa hiyo safu ya tarehe imepata chumba, maelezo na risiti wamelala kimoja, pesa mbili zimekuwa moja. Safu ya `Transaction Status` haina chumba, na haidai. Itazame tu: kama mstari hauna neno `Completed` na salio halikusogea, muamala huo haukutokea na usiende popote. Imebaki moja, `Balance`. Hakuna kiolezo kati ya hivyo vya safu tatu na nne kinachoitaka. Programu hukokotoa salio lake yenyewe, kwa hiyo la taarifa ni mzigo kwake. Watu wengi huifuta safu hiyo mapema kabisa, ili jedwali lianze kufanana na kiolezo. Nami niliifuta.

Nilipoirudisha usiku ule, jambo lilijifungua kwa robo saa.

Tazama mistari mitano ya mwanzo wa Machi, kama ilivyo kwenye taarifa, ya karibuni ikiwa juu. Kabla ya mistari hii, yaani mwisho wa Februari, akaunti ilikuwa na 18,240.

| Receipt No. | Details | Paid In | Withdrawn | Balance |
|---|---|---|---|---|
| …9KLB | Merchant Payment to | | 6,200.00 | 17,333.00 |
| …3WQD | Funds received from | 2,350.00 | | 23,533.00 |
| …8ZTR | Customer Transfer to | | 4,500.00 | 21,183.00 |
| …8ZTR | Customer Transfer of Funds Charge | | 57.00 | 25,683.00 |
| …1HNP | Funds received from | 7,500.00 | | 25,740.00 |

Kila salio hapa limefungwa kwenye salio lililo chini yake. Chukua 25,740, toa ada ya 57, unapata 25,683. Toa 4,500, unapata 21,183. Ni mnyororo, na kila pete inashika yenzake. Kwa hiyo unaweza kumwuliza kila mstari peke yake: je, salio lako ukilitoa lile la chini yako, linabaki sawa na kiasi nilichokuandikia kwenye H? Ondoa kwanza koma kwenye safu ya G, kisha andika hivi kwenye I2 na ushushe hadi chini:

```
=ROUND(G2-G3-H2,2)
```

Pakiwa sawa panatoka sifuri. `ROUND` ipo kwa sababu kompyuta ikikokotoa senti huweza kuacha vipande vidogo sana visivyo na maana, na hutaki kuhangaika na 0.0000000001.

Nikaishusha fomula kwenye mistari 198 niliyokuwa nimeipakia. Karibu safu yote ilijaa sifuri. Zilizobaki zilizungumza zenyewe.

Kwenye mstari wa …8ZTR palitoka −57. Tazama jedwali uone kwa nini: mstari wa ada ulikuwa umeshafutwa, kwa hiyo malipo ya 4,500 yalijikuta juu ya salio la 25,740 badala ya 25,683. Salio limeshuka kwa 4,557, yaani 57 zaidi ya ilivyopaswa. Mstari unapokosekana, pengo hutokea kwenye mstari ulio juu yake, na ukubwa wa pengo ni kiasi kilichokosekana, shilingi kwa shilingi. Nilikuwa na mapengo ya aina hiyo 14, yote madogo, yote hasi.

Kwenye mstari wa …9KLB palitoka −12,400. Hapa hakuna mstari uliopotea. Malipo ya 6,200 kwa muuzaji yalikuwa yamesogezwa na tovuti ile hadi kwenye `Paid In`, na fomula yangu, kwa uaminifu wote, ikayaandika +6,200. Salio halisi lilishuka kwa 6,200, vitabu vikapanda kwa 6,200, na umbali kati yao ni mara mbili. Huu ndio ule ujanja wa kugawa kwa mbili niliojaribu mwanzoni nikashindwa. Haukushindwa kwa kuwa ni uongo. Ulishindwa kwa kuwa niliutumia kwenye jumla ya mwezi badala ya mstari mmoja. Zaidi ya hayo, palikuwa na mstari wa pili wa namna hiyo, katikati ya mwezi, uliotoa −11,700. Ukiugawa unapata 5,850, na kweli, palikuwa na malipo ya 5,850 yaliyoandikwa kama mapato.

Jumlisha 12,400 na 11,700, uongeze ada 757. Inakuja 24,857.

Namba ile niliyoikimbiza jioni nzima ilikuwa mchuzi wa makosa kumi na sita yaliyopikwa pamoja, na mchuzi ukishaiva huwezi kuuchambua chumvi upande mmoja na bizari upande mwingine. Ndiyo maana kulinganisha salio la mwisho peke yake hakutoshi kukuonyesha kosa lilipo, na wakati mwingine hakukuonyeshi hata kama lipo, maana makosa mawili yanayovutana huweza kufutana na salio likatoka sawa.

Kwa haki yake, ukaguzi huu una mipaka. Mtu akipanga upya jedwali kwa saa ili la zamani liwe juu, mistari iliyotokea sekunde moja, kama malipo na ada yake, inaweza kubadilishana nafasi, na mnyororo utakatika pasipo kosa lolote. Utaona mapengo kwenye mistari miwili au mitatu iliyofuatana, na ukiyajumlisha yanakuwa sifuri. Njia rahisi ni kutopanga kabisa. Fomula hapo juu imeandikwa kwa mpangilio ule wa taarifa, na programu ya uhasibu itapanga yenyewe kwa tarehe. Tena, mnyororo wa salio hauoni tarehe. Machi yako yote ingeweza kugeuka Mei na safu ya I ikabaki sifuri tupu, kwa hiyo dalili zile za tarehe nilizozitaja lazima zitafutwe peke yake. Na kwa taarifa iliyopigwa picha au kuskaniwa, ambamo kompyuta husoma 3 kuwa 8, salio nalo linaweza kusomwa vibaya. Hapo pengo hutokea kwenye mistari miwili iliyofuatana, moja chanya na moja hasi, kwa kiasi kilekile: dalili kwamba muamala ni mzima, salio ndilo lililosomwa vibaya.

Kuna jambo moja ambalo safu ya I haiwezi kulisema hata ikiwa sifuri kutoka juu hadi chini, nalo ni maana ya pesa. Mama yule hutumia Fuliza mara mojamoja, huduma ya Safaricom inayokukopesha pale salio lisipotosha. Katika taarifa, pesa ya Fuliza huingia upande wa `Paid In`, kama mteja aliyelipia misumari. Kwa upande wa salio ni sawa kabisa, imeingia kweli. Lakini ni deni, na ikipelekwa kwenye akaunti ya mauzo, mama atalipia kodi pesa alizokopa. Kiolezo cha safu tatu hakina mahali pa kusema "hili ni deni". Hilo hufanyika baadaye, miamala ikiwa kwenye foleni ya kukaguliwa kabla ya kuingia vitabuni, na ndiyo sababu nyingine ya kuacha maneno ya `Details` yalivyo badala ya kuyafupisha yapendeze.

Foleni hiyo pia ndiyo ingeniokoa, kama ningeisubiri. Faili ikiwa na kosa na miamala bado iko kwenye foleni, unaichagua yote kwa mkupuo, unaiondoa, unapakia upya. Mimi nilikuwa nimeshaikubali yote. Kupakia faili sahihi juu ya ile mbovu kungenipa Machi mbili, kwa hiyo nikairudisha mistari miwili iliyogeuzwa na kuigeuza kwa mkono, kisha nikatengeneza faili ndogo ya CSV yenye mistari 14 tu, ada zote, kila moja na risiti yake.

Vitabu vikasema 71,283.

Nilipompelekea mama karatasi mpya, hakuitazama faida kwanza. Alitoa simu, akalinganisha salio, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: huu mstari wa chini kabisa, wa kwanza wa mwezi, unauliza nani? Chini yake hakuna mtu.

Ni kweli. Mstari wa zamani zaidi hauna jirani wa chini, na fomula ikifika hapo hulinganisha na kisanduku kitupu. Kwa Machi nililazimika kuitafuta ile 18,240 ya mwisho wa Februari na kuiandika mwenyewe chini ya safu ya `Balance`. Tangu hapo imekuwa kazi ya kwanza ya kila mwezi, kabla sijagusa safu nyingine. Taarifa ya Aprili ilipokuja, nilishuka hadi chini ya jedwali, nikaandika 71,283.